TAHADHARI: Baria za zena zilizoungua zinauzwa kama mpya

Ndugu mafundi wa vyombo vya vipimo, kuna muuzaji anayewapigia mafundi simu akidai ana baria mpya za volti 28, omu 300, miliampea 93. Tulinunua kumi na mbili. Tatu kati yake zilikuwa zimefunguliwa, zikachezewa, kisha zikamiminiwa gundi upya.

Tulizifunga zote kwanza, na transmita zikasoma vizuri kabisa. Hapo ndipo ubaya wa udanganyifu huu ulipo, maana saketi ya miliampea 4 hadi 20 haijui kama kinga ipo au haipo. Tuligundua baadaye, tulipozitoa na kuzipima karakanani kwa multimita, kutoka upande wa chumba cha udhibiti hadi upande wa gesi. Tisa zilisoma kati ya omu 318 na 322. Tatu zilisoma 300.

Omu 300 ni za kipingamizi peke yake. Zile 20 za ziada ni za fyuzi ndogo iliyo ndani, na kwenye hizi tatu haikuwepo. Tulipovunja moja tulikuta kipande cha waya wa shaba mahali pake. Bila shaka ni baria iliyoungua fyuzi mahali fulani, ikaokotwa badala ya kutupwa. Fyuzi hiyo hufukiwa ndani ya gundi makusudi, ili asiwepo wa kuibadilisha. Ikikatika, baria nzima hutupwa.

Umeme mkubwa ukiingia kwa bahati mbaya upande wa chumba cha udhibiti, diodi za zena huumwaga ardhini na fyuzi hukatika kabla diodi hazijaungua. Ukiweka waya, zinaungua diodi. Zikiungua na kuachana, umeme wote unakwenda moja kwa moja kwenye transmita iliyo katikati ya gesi, na kile kipingamizi cha omu 300 hakiwezi kuuzuia.

Nilimpigia muuzaji. Akaniuliza, "Si zinafanya kazi, kaka? Shida nini?" Kisha akazima simu.

Pimeni kabla ya kufunga, mkilinganisha na karatasi ya kiwanda, kwa sababu kila aina ina kiwango chake. Ila kipimo kizuri hakitoshi: aliyeweka fyuzi ya kawaida badala ya waya atapita kwenye multimita yako bila shida. Kwa hiyo angalieni pia namba. Zetu tatu zote zilikuwa na namba ileile ya utambulisho, jambo ambalo kiwanda hakifanyi, na gundi yake ilikuwa na mapovu kando ya kifuniko. Namba ya cheti cha IECEx itafuteni kwenye tovuti yao, ni wazi kwa yeyote, muone kama aina iliyoandikwa humo ndiyo mliyoshika mkononi.

Zile tisa nazo tumeziondoa kazini. Zilitoka sanduku moja na hizi.