Folda ya rikwesti: aliyeokota vyeti vyangu kafichwa, matapeli wamewekwa mbele

Naanza na nyota moja. Nikitulia huko mbele labda nitaongeza, ila kwa sasa moja inatosha. Nazungumzia ile folda ya "Message requests" kwenye apu ninayoitumia kila siku, yaani mtu ambaye si rafiki yako wala hujawahi kuchati naye akikuandikia, meseji yake haiingii inboksi, inawekwa pembeni mpaka wewe uikubali au uifute. Apu yenyewe siitaji jina, wanaoitumia wataijua kwa maelezo.

Mwaka huu, kipindi kile cha mvua, bahasha yangu ya kaki iliniponyoka kwenye daladala la Mbagala, si mnajua ule msukumano wa jioni, unashuka unashukuru Mungu kiatu kipo. Ndani kulikuwa na vyeti vyangu vya shule, cheti cha kuzaliwa, na kadi ya kliniki ya mwanangu. Nililia. Nikaenda polisi kutoa taarifa ya upotevu, nikarudi nyumbani nikaandika tangazo kwenye ukurasa wangu, jamani nimepoteza bahasha yenye vyeti, njia ya Mbagala, atakayeiona anitafute, marafiki wakalisambaza kweli kweli.

Basi nikawa nakaa na simu mkononi kutwa. Meseji zikaanza kuingia kwenye rikwesti na nikawa nazifungua moja moja. Wa kwanza, "dada bahasha yako ninayo, vyeti vipo salama, tuma elfu ishirini ya bodaboda nikuletee". Mwingine anasema yuko stendi, basi linaondoka, nitume haraka. Mwingine hata jina langu kakosea. Wote wana kitu kimoja, wanarudia yale yale niliyoyaandika mimi kwenye tangazo, vyeti na Mbagala, hakuna hata mmoja aliyetaja kitu ambacho sikukisema. Kadi ya kliniki sikuiandika kwenye tangazo, na kwa kweli ndiyo iliyoniokoa, maana mwenye bahasha mkononi angeitaja tu, jina la mtoto limeandikwa juu kwa peni. Hawa hawakuitaja. Nikawapotezea wote.

Na hapa lazima niseme haki, kwenye hili folda imenisaidia. Unaweza kuifungua meseji ya mtu ukaisoma yote na yeye kwake haioneshi kwamba umesoma, mpaka ubonyeze "Accept". Kwa hiyo nilikaa na wifi yangu tukawa tunazilinganisha zile meseji taratibu bila mtu kunipigia wala kunisukuma. Maana ukishakubali ndo mlango umefunguka, anaona umesoma, anaweza kukupigia hapo hapo kwenye apu, na tapeli akishajua mtu yupo na ana shida hakuachi. Kwa hilo tu niseme nyota tatu.

Halafu sasa.

Zimepita wiki kadhaa, nimeshahangaika, nimeshalipia cheti cha kuzaliwa kingine, kliniki nimesimama foleni wanatafuta kumbukumbu za chanjo za mtoto kwenye daftari kubwa, nesi ananiangalia kama mama asiyejali mwanawe. Siku hiyo wifi yangu ananiambia, hivi wewe ulishuka mpaka chini kabisa? Nikamwambia chini wapi? Akaishika simu, akaingia kwenye rikwesti, akazipita zote, na kule mwisho kuna mstari mdogo wa kijivu umeandikwa "Hidden requests". Folda ndani ya folda! Haina namba, haina alama nyekundu, haitoi mlio wala notifikesheni, hata ile rikwesti ya kawaida ina afadhali maana inaandika kwamba kuna meseji mpya.

Tukafungua. Kulikuwa na takataka nyingi, mikopo ya haraka, dawa za kurudisha mpenzi, na katikati yake kuna kijana hana picha kwenye profaili. Naandika alivyoandika:

"Habari dada samahani, wewe ndo mwenye bahasha ya kaki? Mama yangu anauza matunda Rangi Tatu kaiokota kwenye gari. Kuna kadi ya kliniki ya mtoto ndani. Kama ni wewe piga namba hii."

Chini yake picha imefichwa, haionekani mpaka ukubali. Halafu siku nyingine, "Dada upo?" Halafu, "Mama anauliza kama umepata ujumbe". Na ya mwisho, ambayo mpaka leo inaniuma, "Sawa dada kama huna shida na vyeti vyako. Mama anavipeleka ofisi ya serikali ya mtaa."

Yaani kijana wa watu kaniandikia zaidi ya mara moja, kwake anaona imetumwa tu, haijasomwa, na yeye kaelewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa, kwamba huyu dada ana maringo. Apu haikumwambia kwamba ujumbe wake umetupwa uvunguni, na mimi sikuambiwa kwamba nimeandikiwa. Matapeli wa elfu ishirini wamekaa folda ya mbele wamejipanga vizuri, mtu mwema kaenda folda ya nyuma na waganga wa mapenzi. Nyota tatu nimezirudisha, tuko kwenye moja tena.

Nikabonyeza "Accept" mikono inatetemeka, picha ikafunguka, ni bahasha yangu kabisa, ile kona iliyochanika. Nikampigia kwenye namba aliyoiacha. Alipokea kwa ubaridi, nikamweleza, nadhani hakuniamini, nani aamini kwamba simu inaweza kuficha meseji? Akaniambia tu mama amekabidhi kwa mtendaji muda mrefu. Nilikwenda, nikavikuta, Mungu ambariki yule mama, nilimfuata kwenye meza yake ya matunda nikamshukuru ana kwa ana na akanielewa kuliko mwanawe.

Wakati tunaongea pale ndo nikapata jibu la kitu kilichokuwa kinanisumbua, kwa nini yeye alifichwa na wale wengine hawakufichwa. Mama akasema, mwanangu hakujua ni yupi wewe, alitafuta jina akakuta mko wengi, akawaandikia wote. Nikanyamaza. Kumbe! Akaunti haina picha, haijulikani na mtu yeyote kati ya marafiki zangu, inatuma maneno yale yale kwa wageni kadhaa kwa mpigo, ndani kuna namba ya simu, halafu na picha juu. Mitambo ya kuchuja meseji taka huwa inaangalia mambo kama hayo, ujumbe mmoja kunakiliwa kwa watu wengi wasiojuana na mtumaji. Apu haijaniambia sababu na haitaniambia, lakini mimi naamini ni hiyo. Mtu aliyeokota kitu cha mtu asiyemjua hana namna nyingine ya kumtafuta, lazima afanane na msumbufu. Tapeli ndo ametulia, kaona tangazo langu, anajua akaunti ni ipi, ananiandikia mimi peke yangu kwa jina, kwa macho ya mtambo yeye ndo mstaarabu.

Kwa hiyo wanaosema "si ufute tu zote" nawaomba wanisikilize. Pale chini kuna "Delete all", mguso mmoja tu na zinaondoka zote za kwenye hiyo folda, na ukishafuta hakuna kapu la kuzirudisha, zimekwenda. Wifi yangu mwenyewe huwa anafanya hivyo kila akiona zimejaa. Ukifuta moja moja pia ni vile vile, inatoka kwako tu, yule aliyetuma kwake bado ipo na haambiwi chochote, akitaka anatuma tena na inarudi kama rikwesti mpya, kwa hiyo kwa msumbufu kufuta hakusaidii, huyo ni wa "Block". Na ukiiacha tu bila kugusa, inakaa pale pale, yeye anaendelea kuona imetumwa na haijasomwa. Kwa mtu kama yule kijana, kupuuzwa, kufutwa na kutoonekana kabisa ni kitu kimoja, hawezi kutofautisha. Hilo ndo linanikera kuliko yote.

Na si kwamba ni tatizo jipya. Facebook miaka ile walikuwa na folda inaitwa "Other", watu wakawa wanakuja kugundua meseji za muhimu muda mrefu baadaye, mpaka mwaka 2015 wakaiondoa wakaleta hii mifumo ya rikwesti. Somo lilikuwepo. Signal wao rikwesti ya mgeni inakaa kwenye orodha ile ile ya chati zako, imeandikwa kabisa kuwa ni rikwesti, inakuonesha kama mna kundi mliko wote, na bado akiandika hajui umesoma mpaka ukubali. Kumbe inawezekana mtu akalindwa bila kufichiwa!

Kuna dada aliniambia ingia setingi uzime kabisa, chagua "Don't receive requests" upumzike. Namwelewa, yeye anatumiwa picha chafu na wanaume asiowajua, na kwake ile kuficha picha mpaka ukubali ni msaada mkubwa sana, siwezi kumwambia arudi kwenye zamani ya kufungua inboksi na kukutana na uchafu. Hata mimi nina binti anakua. Kwa sababu yake narudisha nyota, basi ziwe mbili. Lakini ukizima vile, mgeni yeyote anakosa njia, na aliyeokota kitu chako ni mgeni, nesi anayekutafutia ndugu yako ni mgeni.

Sasa hivi mimi kila Jumapili naingia, napita rikwesti, nashuka mpaka kwenye ule mstari wa kijivu, nasoma kabla ya kufuta. Na nikimwandikia mtu nisiyemjua siweki namba wala picha kwenye meseji ya kwanza, nataja jina lake na kitu ninachomtafutia, halafu naenda kwenye posti yake ya wazi naandika "dada cheki rikwesti zako, mpaka zile zilizofichwa". Yaani mimi ndo nafanya kazi ambayo apu ingeifanya kwa kuweka namba ndogo pembeni ya folda, 1, 2, 5, basi, mtu ajue kuna kitu. Namba wanaweka kwenye kila upuuzi, mtu kabadilisha picha naambiwa, mtu ana besdei naambiwa, mama kaokota kadi ya chanjo ya mwanangu nafichwa.

Nilisema mbili? Hapana, nyota moja.