Makato ya Bodi ya Mikopo: nilivyolinganisha slipu zangu na taarifa ya marejesho

Mimi ni mwalimu wa shule binafsi hapa Dodoma. Makato ya Bodi ya Mikopo yalianza kwenye mshahara wangu mwezi Machi mwaka jana, na mwanzoni mwa Mei mwaka huu nilipita ofisi ya kanda ya Bodi kuomba taarifa ya marejesho. Huduma yenyewe naisifu. Ukiwa na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne na kitambulisho, unapata karatasi inayoonyesha kila malipo yaliyoingia na salio lililobaki. Kazi iko kwenye kuisoma.

Kinachokatwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, posho haziguswi. Msingi wangu ni 760,000, kwa hiyo kila mwezi inatoka 114,000, hata kama posho ya nyumba na ya usafiri zinaifanya jumla ya mshahara ionekane kubwa zaidi. Wengi wanapiga asilimia 15 ya jumla yote, kisha wanalalamika kwamba hesabu haikubali.

Deni langu lilianza likiwa 6,840,000. Tangu Julai 2021 ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo imefutwa, na ndiyo maana hesabu ya siku hizi ni ya kutoa tu: kilichokatwa ndicho kinachopungua. Dada mmoja tunayefundisha naye alianza kukatwa zamani kidogo, na bado ana uchungu. Mtu wa wakati ule mwenye deni la milioni 10 na msingi wa 400,000 alikuwa akikatwa 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka, huku tozo ikirudisha kama 600,000. Mwaka mzima wa makato, deni linashuka 120,000! Kwa hiyo ukiona taarifa ya mtu wa kabla ya 2021, usiipime kwa kipimo cha yako.

Turudi kwangu. Kuanzia Machi hadi Aprili ni makato 14, sawa na 1,596,000. Salio lilitakiwa liwe 5,244,000. Taarifa ikasema 5,472,000. Tofauti ni 228,000, na hapo nikapiga hesabu ambayo nampendekezea kila mtu: gawanya tofauti kwa makato yako ya mwezi. Ikigawanyika bila baki, kuna miezi haijaingia. Ikibaki chenji isiyoeleweka, angalia kiwango unachokatwa au kiasi cha deni walichoanzia. Yangu iligawanyika sawasawa: miezi miwili.

Mmoja haukuwa na tatizo. Mwajiri ana siku 15 baada ya mwisho wa mwezi kuwasilisha makato, na makato ya Aprili yalikuwa bado ndani ya muda huo. Mwezi wa kweli uliokosekana ulikuwa Februari, nao ulikuwepo kwenye slipu yangu.

Nilimwendea mhasibu na swali moja tu: “Kaka, naomba risiti ya kontrol namba ya Februari pamoja na orodha ya majina iliyokwenda nayo.” Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyotenganisha matatizo mawili yanayofanana kwa nje. Risiti isipokuwepo, fedha imekatwa lakini haijapelekwa, na hilo ni kosa la mwajiri ambalo sheria inamtoza adhabu yeye, si wewe. Risiti ikiwepo, fedha imefika Bodi ila haijapata mwenyewe.

Risiti ilikuwepo. Orodha ya Februari ilikuwa imeandikwa upya na mtu wa muda, na kwenye namba yangu ya mtihani tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Jina langu lilikuwa sahihi kabisa, lakini anayetambuliwa kwenye mfumo ni yule mwenye namba. Mhasibu akaandika barua ya masahihisho, akaambatanisha risiti na orodha iliyorekebishwa. Nilipoomba taarifa tena mwishoni mwa Mei, Februari na Aprili zote zilikuwa zimeingia na salio likasoma 5,244,000.

Mume wangu ni mtumishi wa Serikali. Makato yake yanapita Hazina na salio analiona kwenye slipu yenyewe, kwa hiyo kwake ni rahisi zaidi. Sisi wa binafsi slipu inatuambia kilichotoka tu. Kilichofika kinaonekana kwenye taarifa ya Bodi, na mimi naiomba mara mbili kwa mwaka, siku zote baada ya tarehe 20, ili mwezi uliopita uwe umeshaingia. Slipu zote nazihifadhi hadi deni liishe, kwa sababu mwajiri anaweza kuendelea kukata hata baada ya salio kufika sifuri, na ukienda kudai kilichozidi utatakiwa kuonyesha kilikatwa mwezi gani.