Barua mbili za baba mmoja wa Lamu

Mzee alikuwa akimwandikia mwanawe anayesoma mbali, nami nikimsaidia. Barua ya kwanza ilisema: "Mwanangu, zingatia masomo, chagua marafiki wema, usiache sala." Haina kosa, ila ingeweza kuandikiwa mtoto wa mtu yeyote.

Nikamwuliza mzee: jana ulimkumbuka wakati gani? Ya pili ikaanzia hapo: "Mwanangu, kusi imeanza kuvuma, mashua tumeipandisha. Jana mamako alipika mkate wa sinia, akakata kipande chako kama kawaida, kisha akanyamaza."

Sala hakuifuta, aliigeuza swali: "Huko alfajiri inaingia saa ngapi, nijue umeamka?" Amri ingejibiwa "sawa, baba" tu, hili kijana atalijibu kwa saa na dakika, pengine na habari ya baridi. Onyo la karo, lililokuwamo pia katika barua ya kwanza, tulilibakiza kavu vilevile, sentensi moja.