Kaa wetu aligeuzwa bondia: uzoefu wangu na mchoraji wa nembo ya timu

Mimi ni katibu wa timu ya soka ya mtaa hapa Tanga. Miezi kadhaa iliyopita tulimpa kazi mchoraji mmoja wa mjini atuchoree kaa, mnyama wa timu yetu, kwa ajili ya vibendera vya mashabiki vyenye upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 20. Alituletea michoro mitatu, na kama ningeandika siku ile ile ningemsifu. Leo ninaandika nikiwa na hasira, na sababu ya hasira hiyo ni meno.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na kaa mwenye miguu yote, vivuli mgongoni, mpira mkononi na utepe wenye jina la timu. Kwenye skrini kubwa ya kompyuta ulipendeza mno, na wajumbe wa kamati waliupigia makofi. Wa pili ulikuwa gando moja tu, kubwa, lililojaza kitambaa chote. Wa tatu ulikuwa kaa mzima wa rangi moja, mwenye mwili wa duara lililobanwa, magando mawili yaliyoinuliwa na miguu minene mitatu kila upande. Kila gando lilikuwa na mwanya wa sentimita 2 mdomoni.

Nilipomwomba atuonyeshe michoro hiyo kwa ukubwa ambao macho ya mtazamaji yatauona, alinijibu mbele ya kamati: “Mzee, haya mambo tuachie sisi wenye fani.” Sikumjibu. Niliichukua michoro, nikaipunguza hadi kimo cha milimita 9, nikaibandika ukutani na kusimama umbali wa mita 3, kwa sababu kaa wa sentimita 15 anayepeperushwa mita 50 mbali, yaani kutoka golini hadi katikati ya uwanja, huonekana kwa ukubwa huo huo. Niliwaita vijana wa timu ya watoto mmoja mmoja bila kuwaambia ni mnyama gani. Mchoro wa kwanza wengi waliuita buibui, kwa kuwa miguu myembamba ndiyo iliyobaki na vivuli vimegeuka doa. Wa pili ndio uliokolea kuliko yote, lakini waliuita koleo. Wa tatu waliutaja kaa bila kusita.

Utepe nao ulikuwa na kasoro ambayo mtu haioni kwenye karatasi. Kitambaa chepesi huchapwa upande mmoja, wino hupenya, na bendera ikigeuzwa na upepo maandishi husomeka kinyume, ilhali kaa mwenye pande mbili zinazolingana habadiliki hata ukimtazama kwa nyuma.

Rangi ilitaka kutuponza pia, kwa maana mchoraji alimpaka kaa nyekundu nzito juu ya bluu nzito. Nilipoupeleka mchoro kwenye mashine ya fotokopi isiyo na rangi, kaa alizama kabisa katika kijivu kimoja na kitambaa chake. Tulimfanya mweupe, na nikiri kwamba hapo mchoraji alikubali upesi na kazi yake ikawa nzuri sana. Yule kaa mweupe juu ya bluu ni mchoro bora kuliko wowote niliopata kuuona katika mitaa yetu, na ni kazi ya mikono yake.

Kisha vibendera vikaja kutoka kwa mchapaji. Bila kumuuliza mtu yeyote, mchoraji alikuwa ameongeza meno ndani ya magando “ili kaa aonekane mkali”, na ili meno yaenee akaupunguza ule mwanya. Nafasi kati ya jino na jino haikufika milimita 2, na wino mzito unaosukumwa kupitia wavu wa skrini ya kuchapia hutanuka kidogo kila upande unapofika kwenye pamba. Meno yaliziba, mwanya ukaziba, magando yakawa ngumi. Siku ya mechi shabiki wa wapinzani aliniuliza kwa dhati kama tumeanzisha timu ya ndondi.

Nilipompelekea kibendera, alisema kosa ni la kitambaa. Nilimwambia, “Mwanangu, kitambaa hakikuongeza meno.” Alinyamaza, akafungua kompyuta, akayafuta meno na kuurudisha mwanya wa sentimita 2 mbele ya macho yangu. Kazi hiyo haikumchukua hata robo saa, lakini neno la samahani halikutoka.

Nilikusudia kuwaambia msimpe kazi. Hata hivyo, vibendera vipya nimevitazama nikiwa katikati ya uwanja na kaa ameonekana wazi, hata mtoto wangu mdogo alimtaja. Mpeni kazi basi, ila mwekeane maandishi kwamba mchoro uliokubaliwa haugusi tena. Vile vya kwanza, vyenye ngumi, vimo guniani nyumbani kwangu, na gharama ya kuvichapa hajaturudishia.