Magurudumu ya toroli la kamera: yapi ya kununua, yapi ya kuacha

Malalamiko ya wasomaji wanaojitengenezea slaida na toroli yanafanana sana. Reli ya bomba imenyooka, kamera imefungwa barabara, sakafu ni ya vigae, lakini shoti ya kwenda kando inaruka kidogo, inatulia, kisha inaruka tena. Wengi hurudi dukani kununua bomba jingine. Bomba mara nyingi halina kosa. Kosa liko kwenye gurudumu lenye bapa, yaani sehemu ndogo ya mzingo iliyolala badala ya kuwa mviringo.

Sitazungumzia urefu wa reli wala rangi ya mbao. Mwongozo huu ni wa magurudumu, kwa sababu hapo ndipo fedha hupotea.

Kwanza ujue unachonunua kinabebeshwa nini. Toroli la kawaida la bomba lina pembe nne, na kila pembe ina kipande cha engo, kile chuma cha umbo la L, chenye magurudumu mawili yanayoegemea bomba kutoka pande mbili kwa nyuzi 45. Tuseme toroli, mpiga picha na kamera vina jumla ya kilo 120. Kila pembe inabeba kilo 30. Mtu atadhani kila gurudumu linabeba 15, lakini kwa kuwa limelala nyuzi 45 linakandamizwa kwa nguvu ya kilo 21 hivi. Nguvu hiyo yote inapita kwenye alama ndogo, maana gurudumu na bomba vyote ni mviringo na vinagusana mahali padogo sana. Toroli likiachwa juu ya reli wakati watu wanakula mchana, plastiki laini inabonyea pale pale. Bapa la namna hiyo huondoka au hupungua ukilisukuma toroli tupu huku na huku kwa dakika kadhaa. Bapa la gurudumu lililoburuzwa kando na mchezaji wa skeitibodi haliondoki, kwa sababu pale plastiki imeshalika.

Namna ya kutofautisha bapa na ubovu wa bomba ni rahisi. Gurudumu la milimita 60 lina mzingo wa milimita 188, karibu sentimita 19. Sukuma toroli polepole kwa mita mbili, na kila linaporuka weka alama ya chaki kwenye bomba. Alama zikipishana kwa sentimita 19, na zikahama ukianzia mahali pengine, ni gurudumu. Alama ikibaki palepale kila safari, ni bomba: limebonyea, lina mchanga, au ni kiungo. Kama ni kiungo, usiweke viungo vya reli mbili vikitazamana. Kata bomba moja la upande wa pili liwe nusu, ili viungo vipishane na pembe mbili za toroli zisiruke kwa pamoja.

Sasa orodha yangu.

Ya kwanza, bila shaka, ni magurudumu mapya ya skeitibodi ya mwendo mrefu, milimita 60 hadi 65, ugumu wa 78A hadi 85A. Uso wake ni mpana na tambarare, hivyo hata ukitoboa engo kwa kukosea milimita mbili bado linakaa vizuri juu ya bomba. Ulaini huo unameza mikwaruzo ya bomba la chuma. Ukipewa ya 99A, ambayo ni magumu, ya michezo ya kurukaruka, kila chembe ya mchanga itafika kwenye lenzi. Kama namba haijaandikwa, bonyeza kwa ukucha: laini inakubali kidogo, ngumu inakataa kabisa.

Ndani yake weka beringi za SKF namba 608-2Z. Zina tundu la milimita 8, kwa hiyo bolti ya M8 ndiyo ekseli yako, na kwa gurudumu pana chukua ya milimita 70. Kila gurudumu linahitaji beringi mbili na kijibomba kifupi kati yake. Usipokiweka, ukikaza nati unazikandamiza beringi kwa ubavu na gurudumu linazunguka kwa kukwama. Kati ya beringi na engo weka washa ndogo inayogusa pete ya ndani tu. Ikigusa pete ya nje, umetengeneza breki. Nati iwe ile yenye plastiki ndani, kwa sababu ya kawaida hulegea kwa mtikisiko. Usioshe grisi kwa petroli ukitaka wepesi, kwani ukinzani ule mdogo wa grisi ndio unaolainisha mwendo wakati wa kuanza na kusimama.

Ya pili ni magurudumu ya viatu vya kuteleza ya mtumba, milimita 76 au 80, ya Gikomba au Karume. Ukubwa wake unapita juu ya kiungo kwa upole kuliko gurudumu dogo. Shida ni kwamba mtelezaji hulila upande mmoja, likabaki kama limechongwa mshazari. Kabla ya kulipa, lipitishe kwenye bolti ya M8 uliyokuja nayo, shika ncha ya kalamu karibu kabisa na uso wake bila kugusa, kisha lizungushe. Ikigusa upande mmoja tu wa mzunguko, lirudishe. Ukiwa na venia, pima kipenyo mahali panne. Tofauti ikizidi nusu milimita, usichukue hata kwa bei ya kutupa.

Ya tatu ni kiti cha wagonjwa, kwa ajili ya sakafu isiyo na reli. Mpiga picha anakaa, anageuza kiwiliwili na kupiga kando. Matairi ya upepo yapunguzwe kidogo yamiminike juu ya mistari ya vigae. Tatizo lake ni yale magurudumu madogo ya mbele: ukibadili mwelekeo yanajigeuza, na kiti kinapiga kichwa pembeni. Kivute nusu mita kuelekea upande wa shoti kabla ya kuwasha kamera.

Kiti cha ofisi kina magurudumu matano na kila moja lina njia yake. Kwa shoti ya kando, acha.

Kuhusu wauzaji, kuna jambo la kuudhi. Beringi zinauzwa kwenye mifuko ya plastiki zimechapwa jina la SKF, na muuzaji anakasirika ukiuliza boksi. Kampuni yenyewe ina programu ya simu iitwayo SKF Authenticate kwa ajili ya kukagua uhalisi. Itumie hapo hapo dukani. Wengine wanakutajia ABEC 11. Kipimo cha ABEC, cha usahihi wa beringi, kinaishia 9, kwa hiyo anayekuuzia 11 anakuuzia maandishi. Na gurudumu lile lile la skeitibodi, likiwekwa kwenye boksi lenye picha ya kamera, linapandishwa bei bila kuongezwa kitu chochote ndani. Nunua kwenye duka la michezo, na muuzaji akikataa usilizungushe gurudumu kwenye bolti yako, nenda duka la pili.