Salamu mbili za bethdei kwa mhasibu mpya

Mhasibu amehamia ofisi yenu ya Mtumba, Dodoma, wiki 3 zilizopita. Leo ni siku yake ya kuzaliwa. Linganisha jumbe hizi mbili:

“Hepi bethdei mrembo wangu! Umri unakwenda, leo tunakumwagia maji.”

“Habari za asubuhi, dada. Heri ya siku ya kuzaliwa. Nakutakia afya njema. Ni mimi wa masijala.”

Wa kwanza unakosea hasa kwenye “wangu”. “Mrembo” pekee tayari linagusa umbile. Ukiongeza “wangu” unadai ukaribu ambao hajakupa, na mumewe akiusoma atauliza maswali. Umri hajautaja yeye. Kumwagiana maji ni utani wa waliozoeana.

Wa pili una salamu kwanza, dua moja, na utambulisho, maana huenda hajahifadhi namba yako. Kama amekuzidi sana umri, anza na “Shikamoo” na uache “dada”. Emoji ya keki inatosha. Moyo mwekundu, hapana.

Tuma asubuhi. Maneno yaleyale saa 5 usiku husomeka vingine kabisa. Akijibu “Asante” tu, ishia hapo.