Rooti ya AWS: ifunge hivi, kazi za kila siku zipeleke IAM Identity Center

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua IAM Identity Center, huduma ya kuwapa watu wa timu njia zao za kuingia AWS na ruhusa zao, ambayo AWS wanaitoa bila malipo, na ambayo watu wengi wanaipita tu kwenye menyu. Nimeichagua kwa kazi moja: kukutoa wewe na timu yako kwenye mtindo wa kuingia kwa rooti kila asubuhi.

Rooti ni ile barua pepe na nywila uliyofungulia akaunti. Haina mipaka. Ukiandika sera ya IAM, yaani mfumo wa AWS wa kugawa ruhusa, ya kumzuia mtu asifute seva, itamzuia kila mtu isipokuwa rooti. Anayeishika anaweza kufuta bekapu, kubadilisha barua pepe ya akaunti, hata kuifunga akaunti yenyewe. Juni 2014 kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikitunza msimbo wa programu za wateja wake, ilifunga milango baada ya mvamizi kuingia kwenye paneli yao ya EC2, huduma ya seva za AWS. Walipobadilisha nywila, alikuwa ameshajitengenezea njia nyingine za kuingia, na akafuta data pamoja na bekapu, kwa kuwa vyote vilikaa chini ya paneli hiyo hiyo.

Tuanze na kufunga. Nimeingia kwa rooti kwenye akaunti ya mfano. Bonyeza jina la akaunti juu kulia, kisha `Security credentials`. Shuka hadi `Access keys`. Kama kuna ufunguo hapo, kwanza hakikisha hakuna programu inayoutumia. Uzime, uache siku kadhaa uone kama kuna kitu kinalalamika, halafu uufute. Rooti haihitaji ufunguo wa aina hii hata mmoja. Ukivuja kwenye GitHub, aliyeuokota ana akaunti nzima, na hakuna sera ya IAM utakayomwekea ikamzuia.

Juu yake kuna `Assign MFA device`, yaani kifaa cha uthibitisho wa ziada baada ya nywila. Hapa sajili vifaa viwili, si kimoja. AWS wanaruhusu hadi 8 kwa rooti, na chochote kati ya hivyo kinatosha kuingia. Mimi napendekeza ufunguo wa USB uliofungiwa kwenye kabati la ofisi, na programu ya tarakimu kwenye simu ya mtu wa pili anayeaminika. Ukichagua ya simu, itakutaka uandike tarakimu mbili zinazofuatana, kwa hiyo andika ya kwanza, subiri ibadilike, andika ya pili. Wengi wanarudia ile ile halafu wanadhani simu ni mbovu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoishia wakiamini wamemaliza. Ukipoteza vifaa vyote vya MFA, ukurasa wa kuingia una njia ya kukuokoa: wanathibitisha kwa barua pepe ya akaunti, halafu kwa simu iliyosajiliwa. Nywila nayo inabadilishwa kupitia barua pepe hiyo hiyo. Maana yake, mwenye inboksi na laini ya simu anaweza kuipita MFA yako yote. Kwa hiyo barua pepe ya rooti isiwe ya mfanyakazi mmoja anayeweza kuondoka kesho. Iwe ya kikundi, inayosomwa na watu wawili au watatu, na yenyewe iwe na uthibitisho wa hatua mbili. Namba ya simu iwe laini ya kampuni inayotumika, kwa sababu laini iliyoachwa bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine. Na kama domeni ya barua pepe hiyo inaendeshwa na Route 53 ndani ya akaunti hii hii, ihamishe. Akaunti ikisimamishwa, domeni inaweza kuzima, na barua ya kukurudishia akaunti haitakufikia.

Kabla hujatoka kwenye rooti, kuna swichi moja. Nenda `Account`, tafuta `IAM user and role access to Billing information`, iwashe. Kwa kawaida imezimwa, na ni rooti peke yake inayoweza kuiwasha. Usipoiwasha, hata msimamizi mwenye `AdministratorAccess` akifungua bili ataambiwa hana ruhusa. Hapo ndipo watu wanapoirudia rooti kila mwezi, wakidhani mfumo mpya umeharibika.

Sasa Identity Center. Ukiiwasha kwa njia inayosimamia ruhusa za akaunti, inakuundia pia AWS Organizations, huduma ya kusimamia akaunti kadhaa za AWS kwa pamoja. Chagua eneo kwa makini, kwani kuhama baadaye si kazi ndogo. Tuseme timu ina watu watatu: fundi mkuu, mtengenezaji programu na mhasibu. Natengeneza vikundi vitatu, kwa sababu mtu akibadilika unabadilisha kikundi chake tu. Kisha `Permission sets`: fundi mkuu apate `AdministratorAccess`, mhasibu apate `Billing`, na mtengenezaji programu apate `PowerUserAccess`, inayomruhusu kujenga karibu kila kitu lakini haimruhusu kugawa ruhusa kwa wengine. Kwenye mipangilio ya MFA, weka iulizwe kila wanapoingia.

Ninachokipenda zaidi ni upande wa kompyuta ya mtengenezaji programu. Watumiaji wa IAM wa zamani hubeba ufunguo wa kudumu kwenye faili, na unabaki kufanya kazi hadi mtu akumbuke kuufuta. Hapa anaandaa mara moja kwa `aws configure sso`, halafu kila siku:

```
aws sso login --profile kazi
aws sts get-caller-identity --profile kazi
```

Amri ya pili inakuonyesha wewe ni nani. Mstari wa `Arn` ukiwa na `assumed-role/AWSReservedSSO_PowerUserAccess`, uko sawa. Ukimalizikia na `:root`, kuna ufunguo wa rooti mahali fulani kwenye mashine hiyo. Utafute leo.

Kasoro yake? Ruhusa hazikatiki papo hapo. Ukimwondoa mtu saa nne asubuhi, kipindi alichokwisha kukifungua kinaendelea hadi muda wake uishe. Kawaida ni saa 1, lakini unaweza kuurefusha hadi saa 12, na wengi wanaurefusha kwa kuchoka kuingia upya. Kwa mtu wa `AdministratorAccess` acha saa 1. Kwa mhasibu saa 8 haina neno.

Kasoro ya pili ni kwamba rooti haistaafu kabisa. Kubadilisha barua pepe ya akaunti hii kuu, au kufungua baketi ya S3 iliyojifungia wote kwa sera mbaya, bado vinaweza kukurudisha kwake. Kwa hiyo inabidi ujue inapotumika. Omba ripoti hii ukiwa na ruhusa ya usimamizi; rudia amri ya kwanza hadi ijibu `COMPLETE`, ndipo uendeshe ya pili:

```
aws iam generate-credential-report
aws iam get-credential-report --query Content \
  --output text | base64 -d
```

Soma mstari wa `<root_account>`. `mfa_active` iwe `true`, `access_key_1_active` na ya 2 ziwe `false`, na `password_last_used` iwe tarehe ambayo timu yako inaweza kuieleza. Ukiona tarehe ya wiki hii na hakuna aliyeingia, badilisha nywila ya inboksi kwanza, ya rooti ifuate, halafu pitia orodha ya watumiaji wa IAM na watu wa Identity Center uone kama kuna jina ambalo hamkuliweka nyinyi.